Maana ya Tatu ya Wifi

Bi Nukta alipata jina hilo kwa sababu katika miaka ishirini ya kupiga chapa hakuwahi kuacha sentensi bila nukta. Hata kwenye ujumbe wa simu kwa mumewe aliandika: "Nunua vitunguu." Nukta. Alipostaafu, nyumba ya uchapishaji ikamwita kunakili kamusi ya zamani kwenye kompyuta, na alipoambiwa atafute mwenzake wa pili, akamleta wifi yake, mdogo wa mumewe. Huyo aliitwa Mapovu. Aliwahi kufanya kazi ya kufua nguo za watu, na maneno yalimtoka kama sabuni kwenye beseni.

Kamusi yenyewe ilikuwa imebaki nakala moja, nayo imefungiwa kwenye kabati la maktaba, haitoki. Kwa hiyo mhariri alikwenda huko siku nne mfululizo na simu yake, akapiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Nyingine zilitoka safi. Nyingine zilitoka zimepinda kwenye mshono kama mgongo wa ng'ombe, na maneno ya katikati yamezama humo.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Kila ukurasa ulinakiliwa na watu wawili, kila mtu peke yake, bila kuulizana. Kidahizo, yaani neno linaloelezwa, kiliandikwa kwa herufi nzito. Vifupisho vilibaki vifupisho: *nm* ya nomino haikugeuzwa kuwa "nomino", hata kama mnakili alikuwa na muda wa kupoteza. Lebo zote ziliwekwa kwa mlazo, yaani herufi zilizolala, kama zilivyo kitabuni, namba za maana zikabaki namba, na kile kiwimbi, ~, kinachosimama mahali pa kidahizo ndani ya mfano, kikabaki kiwimbi. Pasiposomeka, unaandika [haisomeki] na idadi ya mistari. Halafu kompyuta inalinganisha kazi mbili. Palipotofautiana panageuka pekundu, na mhariri anaamua. Ukutani alikuwa amebandika karatasi: ANDIKA UNACHOKIONA, USIANDIKE UNACHOKIJUA.

Bi Nukta ndiye aliyekuwa akiwasomea wengine karatasi hiyo.

Jumanne moja alifikia ukurasa wenye maneno kuanzia *wia*. Ukurasa ulikuwa wa safu mbili. Chini kabisa ya safu ya kwanza palikuwa na neno hili:

wifi *nm* ma- [a-/wa-] 1 dada wa mume kwa mke. 2 mke wa kaka kwa dada.

Chini ya hapo picha ilikuwa imefunikwa na kitu cheusi, cha mviringo. Na juu kabisa ya safu ya pili yalianza maneno haya:

3 *kej.* kitu kipendezacho kwa mbali, kikisogelewa huchusha: *Tumechoshwa na ~ hili la ahadi.*

Bi Nukta alisoma mara moja. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Miaka kumi na saba ameolewa katika ukoo ule. Miaka kumi na saba Mapovu anakuja nyumbani kwake, anafunua sufuria kabla ya kuvua viatu, na kusema, "Leo umejitahidi, wifi." Na kumbe wataalamu walikwishaliona jambo hilo, wakalichapa kitabuni, wakalipa na namba!

Moja, mbili, tatu. Akaunganisha. Alichapa haraka hivi kwamba lebo ya *kej.*, inayomwambia msomaji kuwa hiyo ni kejeli, ilibaki wima badala ya kulala. Kosa la namna hiyo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi.

Jioni alimsomea mumewe, akicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe naye alicheka. Tatizo la mume yule lilikuwa moja: hakuwa na siri kwa mama yake.

Asubuhi Mapovu alifungua ukurasa uliolinganishwa ili aone makosa yake, maana kwa kawaida mekundu mengi yalikuwa yake. Akakuta upande wake ameandika wifi, maana ya kwanza, maana ya pili, kisha: [haisomeki, mistari minne], na baada ya hapo ile namba tatu, imesimama peke yake. Upande wa Bi Nukta hapakuwa na [haisomeki]. Namba tatu ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na wifi.

"Wifi," aliita, kwa upole wa kutisha.

"Abee, wifi."

"Mimi ni kitu?"

"Kitu gani tena?"

"Kipendezacho kwa mbali! Kikisogelewa huchusha! Umeona kunisema kwa mashoga zako hakutoshi, sasa unaniingiza kwenye kamusi?"

"Mimi sijaandika kamusi. Mimi nimenakili," alisema Bi Nukta, akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Nimeandika nilichokiona."

"Umeandika unachokijua! Wifi gani anaitwa 'hili'? Wifi huyu, mawifi hawa. Hata mtoto wa darasa la pili anajua."

"Hiyo ni kejeli, wifi. Mtu akidharauliwa si anaitwa jitu hili? Wenye kamusi walijua wanachofanya."

Mlango ukagongwa, akaingia mwenye duka la magodoro la ghorofa ya chini, jasho linamtoka. "Jamani, nasikia wifi, wifi. Kwangu pia imekatika tangu saa mbili. Nyie mmepiga simu kwa mafundi?"

Alitazama nyuso zile mbili, akarudi chini kinyumenyume.

Kelele zilimleta mhariri kutoka chumba cha pili, na kabla hajavuta kiti, mlango ulifunguliwa tena, bila kugongwa. Mama mkwe wa Bi Nukta, ambaye ndiye mama mzazi wa Mapovu, aliingia amevaa gauni la harusini na nywele nyeusi ti zilizopangwa vizuri mno kwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja. Mkoba aliuweka juu ya meza ya mhariri, katikati ya karatasi zake.

"Nani mwenye kamusi hapa?"

"Shikamoo, mama," alisema mhariri.

"Marahaba. Mwanangu wa kiume kaniambia kuna kitabu kinamtukana mwanangu wa kike. Na mimi nina mawifi wanne, na mimi mwenyewe ni wifi wa watu. Kwa hiyo tumetukanwa ukoo mzima. Nionyesheni."

Bi Nukta alitamani sakafu ipasuke adondokee kwenye magodoro.

Mhariri alikuwa mtu wa kukwepa ugomvi, lakini ugomvi wa vidahizo aliupenda. Aliifungua picha yenyewe, akaikuza hadi ikajaza kioo. Kile kitu cheusi cha mviringo kikawa kikubwa kama chungu, kikaonekana kina mikunjo, kisha kina ukucha.

"Hiki ni kidole gumba," alisema Mapovu.

"Ndiyo," alisema mhariri. Akakitazama kidole chake mwenyewe, chenye kovu la kisu karibu na ukucha. Kovu lilikuwepo pia kwenye picha. "Endeleeni tu. Ni changu."

Akajikohoza. "Sasa. Chini ya kidole changu kuna mistari minne. Bi Nukta, wewe umeichukulia kuwa mitupu. Lakini mchapaji haachi mistari minne mitupu chini ya safu halafu amalizie neno juu ya safu nyingine. Karatasi ilikuwa ghali."

Bi Nukta alisogea, akaipima nafasi ile kwa vidole.

"Kwa hiyo hapa chini kuna maneno. Huenda kuna kidahizo kingine kizima, chenye maana yake ya kwanza na ya pili. Na hii ya tatu ni yake huyo. Haya, baada ya maana ya tatu, kidahizo kinachofuata ni kipi?"

Mapovu alisoma. "Wigo."

"Basi neno letu liko kati ya *wifi* na *wigo*, kwa mpangilio wa herufi. Na huitwa 'hili'. Ni kitu, si mtu. Kwa mbali kinapendeza. Kikisogelewa…"

Macho yake yalikuwa yamepanda polepole, bila yeye kutaka, mpaka kwenye kichwa cha mama mkwe. Ya Mapovu yakafuata. Bi Nukta ndiye pekee aliyetazama chini, kwa kuwa yeye alikuwa amekwishajua, na alikuwa akiomba dua asiwepo atakayelitamka.

"Semeni," alisema mama mkwe. "Neno gani?"

"Ngoja kwanza nipige simu maktaba," alisema mhariri. "Tusikisie."

Mkutubi alichukua dakika sita kulifungua kabati. Mhariri akaweka simu mezani, sauti ikawa ya wote. "Chini ya safu ya kwanza, baada ya wifi," sauti ilisoma bila haraka. "Wigi. Nomino. Mabano ya mraba, li, mkwaju, ya. Moja, nywele za bandia zivaliwazo kichwani. Mbili, nywele za namna hiyo zivaliwazo na mahakimu. Halafu inahamia safu ya pili. Niendelee?"

"Hapana, asante, inatosha kabisa," alisema mhariri.

Mama mkwe aliinua mkono, akazigusa nywele zake upande wa kulia, akazisogeza kidogo, na zote zikasogea pamoja.

"Kwa mbali zinapendeza?" aliuliza.

"Sana, mama," wakasema wote watatu.

Mama mkwe alianza kucheka kwa pua, kisha kwa mabega, kisha kwa mwili mzima, mpaka ikabidi alishike wigi lisimdondoke. Mapovu akamfuata. Mhariri alicheka kwa tahadhari. Bi Nukta peke yake hakuweza. Alisimama, akamgeukia Mapovu.

"Wifi, naomba radhi. Wewe uliandika haisomeki kwa sababu haikusomeka. Mimi niliisoma kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Na lebo sikuilaza."

Mapovu alipangusa machozi. "Ulitaka tangu lini?"

"Tangu siku ya sufuria."

"Siku ya sufuria ipi?"

"Zote."

Mapovu alifikiri. "Basi ungeniambia, wifi. Mimi nilidhani nakusifu."

Mhariri aliifuta maana ya tatu chini ya *wifi*, akaacha ya Mapovu, akaandika pembeni kwamba ukurasa upigwe picha upya. Mama mkwe alisimama nyuma yake, akimsimamia.

"Hiyo ya wigi huwezi kuifuta na yenyewe?"

"Siwezi, mama. Imo kitabuni."

"Basi hiyo *kej.* iwe imelala vizuri, watu wajue ni utani."

Hakwenda nyumbani. Alisema amekwishavaa, na haoni sababu ya kuvua mapema. Mhariri akampa kazi ya kusoma kwa sauti kutoka kwenye picha, herufi nzito, mlazo, mkato na nukta, huku mawifi wawili wakifuatilia walichochapa. Alisoma vizuri, ila kila neno la nne alibishana nalo. Walipofika *wivu* alikataa katakata kuwa lina maana mbili tu, na Bi Nukta, kalamu mkononi, akajikuta anamwambia kwa heshima zote:

"Mama, soma unachokiona."

"Nimekiona," alisema mama mkwe. "Sikubaliani nacho. Haya: namba moja, nzito…"