Shikamoo ndani ya herufi mia na ishirini

Fundi wa makochi alikuwa na pini mdomoni mkewe alipomsomea maoni mapya ya mteja. Yalikuwa ya Mwalimu, yule dada aliyeleta kiti cha mama yake kivikwe kitambaa kipya. Alikuwa amewapa nyota tatu kwenye soko la mtandaoni na kuandika: kiti kimependeza, ila ni kigumu kama benchi la kituo cha polisi, na mama amerudi kukaa kitandani.

Fundi alitema pini mkononi. Nyota hazikumuuma. Kilichomuuma ni yule bibi aliyehamia kitandani kwa sababu ya kiti alichokijaza sponji yeye kwa mkono wake. Akamwambia mkewe aandike. Akaanza na salamu, akaja kwenye samahani, akaeleza kwamba sponji nzito hudumu zaidi ndiyo maana aliichagua, akaahidi kukifuata kiti na kukirekebisha bila malipo, akamaliza kwa kumwombea bibi afya njema na maisha marefu.

Mkewe, ambaye ndiye aliyeshona vitambaa na kushika simu ya biashara, aliandika yote. Simu ikagoma. Jibu la muuzaji mwisho wake ni herufi mia na ishirini, na nafasi na nukta nazo zinahesabiwa. Yeye alikuwa amefika karibu mia nne. Tena ukishatuma, hulifuti.

Akapunguza. Maelezo ya sponji yakaondoka kwanza, maana hakuna bibi aliyewahi kulainishiwa kiti kwa maelezo. Dua nayo ikaondoka, fundi akanuna. Akanyang'anya simu ajaribu mwenyewe, akampa mkewe asome: "Malalamiko yako tumeyaona. Tutakufuata nyumbani."

Mkewe alicheka mpaka akaegemea cherehani.

"Mume wangu, huyu atahama mtaa."

"Nimesema tutafuata kiti."

"Umesema tutamfuata yeye. Kiti ni tutakifuata."

Fundi alisoma tena, naye akacheka. Silabi moja tu ilikuwa imemgeuza kuwa mgambo.

Walikaa bega kwa bega juu ya kochi lililovuliwa kitambaa, mikanda yake ikiwalalamikia chini. Mke alikuwa na mkono wa kushona hata kwenye maneno: "sisi wenyewe tutakuja kukichukua" akalikunja likawa "tutakifuata", na "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza" akasema hiyo ni lugha ya barua ya kukatiwa maji, akaweka "pole". Lakini alipofika kwenye salamu akataka kuikata pia. Aliyeandika ni Mwalimu, alisema, na mama yake hata simu hashiki. Shikamoo ya nini?

Fundi hakukubali. "Anayekaa kwenye kiti ni nani? Ukiikata hiyo, tumebaki tunazungumza na kiti."

Mke akairudisha. Sasa wakazidi kwa herufi mbili. Akaibadili "mpaka" ikawa "hadi", akafuta koma moja iliyokuwa imekaa bure, na simu ikakubali:

"Asante Mwalimu. Mama, shikamoo! Kiti kigumu ni kosa letu, pole. Tutakifuata tukilainishe bure, ukikalie hadi useme basi."

Akatuma, wakarudi kazini.

Jioni hiyo jibu likaja chini yake. Mwalimu alieleza kwamba alimsomea mama yake, akaambiwa asome tena, kisha akaamriwa aandike hivi: Marahaba wanangu. Njooni, na mimi nakuja na kiti changu.

Na kweli, kesho yake fundi na dereva walipokwenda na gari dogo la mizigo, bibi alikuwa amevaa viatu, amekaa mlangoni. Alipanda mbele na dereva. Mwalimu na fundi wakapanda nyuma na kiti. Kwenye karakana aliwekewa kochi la kusubiria, akatazama kila kitu. Fundi alifungua kitambaa cha sehemu ya kukalia, akaipunguza ile sponji nzito, akalaza juu yake sponji laini na tabaka la pamba, mkewe akanyoosha kitambaa huku yeye akipiga pini upya.

Bibi alikaa. Akahama upande huu, akahama upande ule, akaegemea. Alimweleza mke wa fundi kwamba siku hizi watu humuulizia hali kupitia kwa binti yake, kana kwamba yeye ni furushi, na kwamba alifurahi mtu kumwamkia moja kwa moja. Mke wa fundi alimtazama mumewe, akatabasamu, akashika kichwa chake kama mtu aliyeshindwa kesi.

Walipogeuka tena, bibi alikuwa amelala, kidevu kifuani. Mwalimu alitaka kumwamsha, fundi akamzuia. Akaiweka chini mashine ya pini, mkewe akazima cherehani, na mteja aliyeingia wakati huo kuulizia bei ya mito alijibiwa kwa kunong'onezwa.