Pembe ya Juu Kulia

Mwamvua aliisikia habari hiyo kwa Cosmas mwenyewe, mwongozaji wa filamu, wakiwa studio kwake Kilosa, mtaa wa nyuma ya soko.

"Ile shoti ya Mikumi nimempa Costancia airekebishe," alisema, macho kwenye simu.

Mwamvua alikuwa amehariri video za harusi na filamu kwa miaka kumi na mbili. Costancia alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili aliyefika studio bila kujua hata kukata fremu moja. Mwamvua ndiye aliyemfundisha.

Shoti yenyewe, kipande kifupi cha filamu, ilikuwa na kasoro. Mama mmoja mkulima, aliyeigizwa na Bi Magdalena, amekaa mgahawani Mikumi na anapewa habari za kifo cha mwanawe. Bi Magdalena alilia kilio cha kweli, kilio ambacho hakuna aliyeamini angekirudia. Lakini nyuma yake ukutani televisheni ilikuwa inaonyesha mechi ya Ulaya, na kituo cha televisheni kilichotaka kuirusha filamu kilikataa: hatuna haki ya picha hizo, zifunikeni. Na mgahawa ulikuwa umeshabomolewa, wasingeweza kupiga upya.

"Kwa nini yeye?" Mwamvua aliuliza.

"Ana subira, Mwamvua. Wewe siku hizi unaharakisha."

Neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alinakili shoti, akaijaribu kimyakimya nyumbani. Aliiambia kompyuta ifuate pembe nne za televisheni, ili picha mpya ijipinde na kusogea nazo kila kamera inapotikisika. Lakini aliweka alama zake ndani mno, juu ya picha ya mpira, na alama zikaanza kukimbia na wachezaji. Bi Magdalena alipoinua mkono kufuta machozi na kuiziba pembe ya chini, alama ikaruka ikang'ang'ania kanga yake. Mwamvua akafunga kompyuta.

Siku ya tatu Costancia alimjia.

"Shikamoo, Da Mwamvua."

"Marahaba."

"Naomba unikagulie kazi kabla sijaitoa kwenda kwa Cosmas. Macho yangu yamechoka. Nakwenda mara moja kuchukua chai."

Mwamvua alikaa kwenye kiti cha binti, akaicheza shoti. Kwenye televisheni palikuwa na shamba la miwa walilolipiga picha wenyewe kule Ruaha. Lilitulia ukutani kana kwamba limekuwapo tangu mwanzo. Akafungua kazi kuona ilivyofanyika. Alama zilikuwa kwenye ukingo mweusi wa plastiki, pale unapokutana na ukuta mweupe. Pembe ilipozibwa na mkono, binti aliifanya ifuate msumari wa kalenda uliokuwa kando ya televisheni na bado unaonekana, kisha akachora mkono wa Bi Magdalena fremu baada ya fremu ili upite mbele ya miwa. Hata chengachenga za picha ya kamera na ule ukungu kidogo wa vitu vya mbali alivilinganisha.

Hakumfundisha hayo. Akachagua fremu kumi, ya 140 hadi ya 149, akaishika pembe ya juu kulia, akaivuta ndani kidogo. Kijani cha uwanja kikachungulia.

Costancia aliporudi na vikombe viwili vya chai, Mwamvua alisema, "Iko sawa. Itoe."

Cosmas aliitazama kwenye simu, akaipenda, akaituma. Kesho yake jibu la kituo likaja: karibu na sekunde ya sita mpira unaonekana. Wana siku moja kuirekebisha.

"Niliitazama mara tatu," Costancia alisema. Machozi yalimlengalenga. "Na Da Mwamvua akaniangalizia."

"Basi hamkuangalia," Cosmas akafoka. "Kazi hii nitaipeleka Morogoro, kwa watu wazima."

Mwamvua alikuwa ameyasubiri maneno hayo usiku kucha. Sasa yalipotoka hayakumpa raha yoyote. Binti alikuwa amesimama mikono mgongoni, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na hakumtaja Mwamvua kwa lawama.

"Mimi ndiye niliyeivuta," Mwamvua akasema.

Cosmas akageuka. "Umeivuta nini?"

"Pembe. Nilimwonea wivu."

Bodaboda ilipita nje ikipiga honi. Costancia akafuta uso kwa kiganja, akavuta kiti.

"Fremu ya ngapi?"

"Mia arobaini mpaka mia arobaini na tisa. Juu kulia."

Ilimchukua dakika chache kuirudisha. Hakumwangalia Mwamvua hata mara moja, na tangu siku hiyo hakumwita Da tena. Filamu ilipita. Cosmas hakumfukuza Mwamvua, ila kazi za filamu zilihamia meza ya binti, na Mwamvua akabaki na harusi.

Ilipita miezi miwili kabla hajaenda kwenye meza ile, kusimama nyuma ya kiti na kuuliza, kwa sauti iliyomtoka kwa shida, "Ule msumari wa kalenda, ulijuaje kuutumia?"

Costancia akasogeza kiti chake pembeni, akamwachia nafasi mbele ya kompyuta.