Maumivu Yaliyonyamaza

Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye foleni ya maji na debe langu, tunangoja askari wafungue geti. Tangu serikali itukusanye ndani ya seng'enge kwa ajili ya vita na waasi wa shifta, hata mbuzi wanatoka kwa ruhusa. Baba yangu Korane, ambaye namwita aabo, hakuja kutoa mbuzi wake. Nilimwacha amejikunja kwenye mkeka. Usiku tumbo lilimuuma kitovuni, alfajiri likahamia chini, upande wa kulia. Chai aliyokunywa aliitapika.

Yarow, dresa anayetibu wagonjwa kijijini kwetu, alipanda juu ya kasha tupu karibu na bomba. Alipenda kuongea hapo kwa sababu mtu hawezi kuacha foleni akakimbia.

"Goti linalokuuma tangu ujana linaweza kungoja," alisema. "Lakini kuna maumivu hayangoji kesho. Kifua kikikubana na pumzi huipati, njoo leo. Kichwa kikiuma na homa, shingo ikakataa kuinama, leo. Mama mwenye mimba akiumwa kichwa na macho yakaona ukungu, au akitoka damu, leo hiyo hiyo."

"Na maumivu ya mdomo wa mke wangu?" Kulow aliuliza kutoka kwenye foleni.

"Hayo uliyalipia mahari ya ngamia mwenyewe," Rukiyo, mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, alimjibu. Watu wakacheka.

Yarow alingoja wanyamaze. "Tumbo likianza kuuma kitovuni, maumivu yakashuka upande wa kulia, na mtu hataki chakula, akikohoa panamchoma, huyo apande lori leo aende hospitali mjini. Msimpe dawa ya kumfanya aharishe. Msimchome moto. Na likiacha kuuma ghafla, msifurahi. Pengine kitu kimepasuka ndani. Hapo ndipo mkimbie zaidi."

Niliacha debe langu kwenye foleni.

Nyumbani nilikuta harufu ya nyama iliyoungua. Ayeeyo Maka, mama yake aabo, alikuwa ameshamwita mzee Shurie, anayetibu kwa kuchoma, na chuma chake cha moto. Kwetu wanasema moto na ugonjwa havilali nyumba moja. Tumboni kwa aabo palikuwa na alama za kuchomwa, bado mbichi. Alikuwa ameuma kitambaa.

Halafu, Shurie akiwa bado anapuliza majivu kwenye chuma, aabo alitoa kitambaa mdomoni.

"Limeacha kuuma," alisema.

"Alhamdulillahi," ayeeyo akasema, machozi yakamtoka.

Mimi si mtu wa kuongea mbele ya wazee. Nilimwinamia sikioni. "Aabo, Yarow amesema likiacha ghafla ni mbaya."

"Yarow anasema kwa mdomo, mimi nasikia kwa tumbo. Nipe maji."

Sikumpa. Nilienda kumleta Yarow. Alikuja mbio, maana lori lililoleta posho lilikuwa linageuza kurudi mjini na askari wake wa kulilinda. Alimbonyeza aabo tumboni polepole, akaachia. Aabo alikunja uso, lakini hakulia.

"Twende, mzee. Pasi yako ya kutoka nitaiomba mimi getini."

"Mwanamume akipanda lori la askari siku hizi, anarudi?" aabo alimuuliza. "Jirani yetu Diriye alipanda. Yuko wapi?"

"Diriye walimshika kama shifta. Wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?" Akasimama. Akafunga kikoi vizuri, akatembea mpaka nje ya nyumba na kurudi, mkono kiunoni, majirani wanamtazama. "Haya, angalia mgonjwa wako."

Watu walicheka. Ayeeyo alimwambia Yarow, "Wewe unataka kumpasua tu mtoto wangu. Mwache. Moto umemaliza kazi."

Lori lilipiga honi. Yarow aliwaomba askari wangoje kidogo, wakakataa, wakasema barabara ina mabomu yaliyotegwa na lazima wafike kabla ya giza. Likaondoka.

Baada ya alasiri homa ilimpanda aabo mpaka meno yakagongana. Tumbo likawa gumu kama ubao, likauma lote sasa, siyo upande wa kulia tu. Hakutaka shuka limguse. Ayeeyo alikaa kando anavuta tasbihi, hanitazami. Shurie alileta chuma tena, na aabo ndiye aliyemfukuza.

"Niitie Yarow," aliniambia. "Mwambie nitapanda lori."

Lori lingine ni wiki ijayo. Geti lilishafungwa, na anayetoka baada ya hapo anapigwa risasi. Yarow alinichukua mpaka hema la polisi, akamsihi koplo atumie redio. Koplo aliita mjini. Alisema kuna mgonjwa, tumbo limepasuka ndani, anatakiwa kupasuliwa usiku huu, tunaomba gari na askari wa kulisindikiza.

Redio ikakoroma.

"Mnanipata?" koplo akauliza. Akarudia yote tangu mwanzo, jina la kijiji, jina la aabo. Yarow alisimama ameinamisha kichwa karibu na spika. Mimi nilisimama mlangoni.

Redio iliendelea kukoroma hivyo hivyo, na mjini hakuna aliyejibu.