Njia ya Maji Machafu Inapita Kwanza

Mama Vagheni, jirani yetu hapa Butembo, anasema ordinateur, ile kompyuta, njo ilimuaibisha tonton wangu. Anaeleza vile pa robinet, ndoo yake inajaa mupaka inamwagika na yeye haioni. Ati yule ingénieur mwanamuke, Kapinga, alifungua mashini yake mbele ya batu bote, mashini ikatoa rangi nyekundu, akamusonta tonton kidole, na kazi yake yote ya mabati ikaangushwa siku ile ile. Ati tonton alilia sawa mutoto.

"Yule hapana mutu wa huku," anasema. "Ni mutu wa Kasaï. Atatuhurumia juu ya nini?"

Miye nilikuwa pale. Tonton hakulia. Na haikuwa kazi yote.

Tonton Ézéchias ni kaka ya mama yangu. Anakunja mabati tangu zamani: milango, mifereji ya mvua, masanduku ya banafunzi. Miye nilimaliza shule ya musingi nikabaki kwake, nashika bati na yeye anapiga. Wakati paroisse, parokia yetu, ilianza kujenga maternité mupya ya bamama kuzalia, tulipewa kutengeneza gaine, ni kusema ile njia ya mabati yenye kupitisha hewa juu ya plafond, juu ya dari. Hatukuwa tumefanya gaine mbele ya pale. Na tulisikia kwamba maternité ya namna moja itajengwa ku Beni, na bale benye kufanya vizuri ku Butembo njo batapelekwa kule. Tonton akashika ile Beni mu kichwa. Asubuhi Beni, mangaribi Beni.

Kila siku ya kwanza ya juma tulikaa mu bureau ya chantier, pale pa kujenga. Kuko Lusenge, fundi wa mabomba, mutu wa Beni. Kuko Blaise wa umeme. Kapinga anachukua plan ya kila mutu, anaziweka zote mu maquette moja ndani ya ordinateur, tunaona couloir, ile njia ya katikati ya vyumba, sawa vile tunatembea ndani. Mahali vitu viwili vinakamata nafasi moja, mashini inaweka nyekundu. Kama havigusane lakini mukono wa fundi hauwezi kuingia na clé ya kukaza, inaweka rangi ya machungwa.

Kati ya poutre, ile boriti ya juu, na plafond hamuna nafasi kubwa, sentimetre makumi tano tu. Donc tulikubaliana nani anapita kwanza. Bomba ya maji machafu njo ya kwanza, sababu maji ile haina mashini ya kuisukuma; inashuka yenyewe, sentimetre mbili kwa kila metre, na haipande. Nyuma yake gaine, sababu ni kubwa. Kisha chemin ya umeme, ile njia ya chuma yenye kubeba nyaya kubwa. Mwisho, tubomba twa maji safi na twa oksijeni, na tu-câble tudogo, sababu tunakunjika. Vitu viwili vikigongana, fundi wa nyuma anasonga.

"Miye njo mutoto wa nyumba," Blaise alisema. "Wageni bakifika, naambiwa: Blaise, songa."

"Na ukisonga, ufunge mulango," Lusenge akamujibu.

Siye bote tulicheka. Tonton alitia sahihi wa kwanza ku karatasi ya ile mapatano.

Mwisho wa couloir, gaine inapitana na bomba ya Lusenge. Pale bomba imeshuka sana, inaacha nafasi kidogo juu yake, chini ya poutre. Gaine yetu ilikuwa ya mraba, sentimetre makumi tatu kwa makumi tatu. Kapinga akachora pale ikuwe bapa: kumi na tano ya kwenda juu, na upana zaidi ya mara mbili, hewa isipungue. Tonton akakubali. Mashini ikabaki bila nyekundu.

Kisha barabara ya Beni ikafungwa. Vita. Kapinga alikuwa kule juu ya ile maternité ya pili, akabakia. Lusenge naye alikuwa kule, mabomba yake ikabaki mu camion, mu lori. Mabati yetu ya kukunja kile kipande bapa ilikuwa mu camion ile ile. Tulifunga gaine yote, tukafika pa kile kipande, tukasimama. Ikabaki pengo.

Habari ikaja kwamba abbé, padri mwenye kuangalia kazi ya Beni, atapita Butembo. Tonton alitazama lile pengo siku nyingi. Mwisho akachukua kipande cha mraba chenye kilibakia, akakipandisha.

"Tonton, hapa si ni njia ya Lusenge?"

"Lusenge eko wapi? Unamuona?" Alikuwa juu ya échelle ya kupandia, vis za kukaza mabati mu meno. "Nafasi iko wazi. Abbé atakuta kazi yenye kumalizika. Kisha tutabadilisha. Leta chuma ya kuitundikia."

Abbé hakufika. Barabara.

Blaise naye, kwa kuona gaine imefungwa, akafuata kimo chake, akapitisha chemin ya umeme chini yake pale pale.

Barabara ilipofunguka, Lusenge akarudi, na Kapinga alirudi na vumbi mu nywele, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hata maji hakunywa. Alitembea couloir yote na kamashini ka kupima na mwangaza, akaingiza kimo cha kweli mu maquette, tukakaa mu bureau. Ndiyo, ikatoka nyekundu. Mu maquette, bomba ya Lusenge ilipita mu upande wa chini wa kile kipande chetu, na chini kidogo ikakata chemin ya Blaise.

Hakumusonta mutu. Aliuliza tu, pole pole: "Papa Ézéchias, hii ni nini?"

Tonton alisema: "Ingénieur, bomba haiwezi kupanda kidogo pale, kisha ishuke?"

Lusenge alipiga mukono ku goti. "Papa! Maji ya choo ya juu ipande mulima sawa mutu wa kwenda Lubero? Itakaa pale, itarudia, itatokea ku bamama benye kuzaa."

"Basi plafond ishuke."

"Brancard ya kubeba mugonjwa, na mutu wa kuinua chupa ya serum, bapite wapi?" Kapinga aliuliza. Alifuta uso na mikono yote mbili. "Nilipaswa kukupigia simu, Papa. Réseau ilikuwa inakatika, mais nilipaswa. Lakini hii, tulikubaliana bote."

"Nasonga," Blaise alisema, hata mbele ya kuambiwa. Safari hii hakuna mwenye alicheka.

Tulishusha kile kipande, pamoja na kila jirani yake upande huu na huu, sababu kutoka mraba kwenda bapa kunaomba vipande vya kupunguza pole pole. Vingine vyote vilibaki juu. Miye nilipokea mabati chini, tonton anafungua vis kule juu. Mabati mupya ilipofika, tulikunja upya. Lusenge akapitisha bomba yake kwanza, akamwanga maji, ikashuka. Kisha siye juu yake. Kisha Blaise.

Kapinga akapima tena, akaingiza, akaanzisha mashini. Tulikuwa watatu mu bureau: yeye, tonton na miye. Alikuwa amechoka, kichwa iko ku ukuta. Mashini ikatafuta, ikatafuta. Hakukutoka nyekundu.

"Iko bien," alisema.

Tonton alibaki wima pa mulango, kofia mu mukono. Nilijua atasema. Nilitaka asiseme siku ile.

"Maman Ingénieur. Ile kazi ya Beni. Nakuomba, useme jina yetu kule."

Kapinga aliangalia couloir ndani ya ordinateur, akaizungusha na kidole, upande huu, na upande ule. Inje camion ilikuwa inarudi nyuma, batu banaipigia kelele. Tonton akageuza kofia yake, akaendelea kungojea jibu.