Nimesema na Sirudii

Wifi yake alipiga simu saa mbili asubuhi, hata salamu hakutoa.

"Wifi, mna roho gani nyie? Mtoto wa watu mmemuua!"

Mhariri alikuwa ndio kwanza anafungua ofisi, begi bado begani. "Mtoto gani?"

"Wa kwenye mchezo wenu wa redio! Jana Nesi kasema yuko hai, halafu akamalizia na ile kauli yake. Si amedanganya huyo? Hata chakula kimenishinda mie."

Simu ilipokatika, mhariri alikaa kitini bila kuvua begi. Mchezo ulikuwa na sehemu ishirini na sita, na kila mswada ulipita mikononi mwake, ili mwisho wa sehemu moja ushikane na muhtasari wa inayofuata, na kila mhusika abaki na maneno yake. Kwa sehemu kumi na saba, Nesi alisema "Nimesema na sirudii" pale tu anapodanganya. Wasikilizaji hawakuelezwa. Walizoeshwa taratibu mpaka wakajua wenyewe.

Jana ilikuwa ya kumi na nane. Nesi alimwambia mama mmoja kwamba mtoto wake, anayedaiwa kufia wodini, yuko hai. Ule ulikuwa ukweli, na mambo yote ya mbele yaliutegemea. Katika mswada hapakuwa na kauli.

Alikwenda kwa fundi wa sauti, akaomba asikilizishwe mwisho wa jana.

"Mtoto wako yuko hai," ilisema sauti ya Nesi. Kisha ikaongeza: "Nimesema na sirudii." Muziki ukapanda.

"Ee Mungu, nipe subira," mhariri alinong'ona. Daftari lake la mfululizo lilikuwa mkononi, na katika safu ya kauli, mbele ya kumi na nane, alikuwa ameandika mwenyewe: hakuna. Alijaza kwa kusoma mswada. Kusikiliza kilichorekodiwa hakukumpitia akilini hata siku moja.

Studioni, mwongozaji alikuwa anapanga vipaza sauti vya sehemu ya kumi na tisa. Mwigizaji wa Nesi, ambaye wote walimwita Mama Sauti, alikuwa anakunywa maji ya uvuguvugu. Kesho yake alikuwa anasafiri kwa miezi miwili. Baada ya leo Nesi angetoroka, asisikike tena mpaka sehemu ya mwisho.

"Mama, ile kauli jana uliitoa wapi?"

"Ilinijia tu, mwanangu. Ikakaa vizuri mdomoni."

"Ilikaa vizuri sana," mwongozaji alidakia. "Mimi mwenyewe nilisisimka."

"Bosi, umesisimka, watu wamelia! Wanajua mtoto amekufa. Na sehemu ya ishirini na nne anakuja anatembea."

"Basi kwenye muhtasari tunaikata. Msimulizi aseme Nesi alifichua kuwa mtoto yuko hai, tunasonga mbele. Nani atakumbuka?"

"Wifi yangu anakumbuka. Tumewafundisha wenyewe kuisikiliza, leo tuwaambie masikio yao mabovu?"

"Sasa unataka nini? Tumuue mtoto? Andika upya sehemu zote nane, una mpaka saa nane."

Mama Sauti aliweka kikombe chini. "Jamani, nisameheni. Nilidhani naupamba mchezo."

Mhariri alichukua karatasi mezani. Dawa aliijua tangu alipokuwa kwa fundi, na ndiyo iliyomchoma. Mwaka mzima alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya sehemu ya ishirini na sita: Nesi mbele ya hakimu, anarudia maneno yake kwa mara ya kwanza, na kila msikilizaji anajua kuwa sasa anasema kweli. Mchezo wote ulijengwa kuelekea pale. Hakuna kingine ambacho wasikilizaji wangekiamini.

Aliketi kwenye ngazi za nje, karatasi magotini, akaandika. Muhtasari aliuacha na kauli ndani yake, vilevile ilivyosikika. Kisha mama anamkimbilia Nesi koridoni, anamshika mkono: "Rudia." Nesi anajivuta. "Rudia, nakuomba." Anageuka. Halafu, polepole: "Narudia. Mtoto wako yuko hai."

Mama Sauti aliisoma mara moja tu kwenye kipaza sauti, bila kuongeza hata pumzi. Fundi alisahau kuzima mtambo.

"Umeona?" mwongozaji alisema, anapiga makofi. "Na ulikuwa unalalamika! Hii ni bora kuliko ya mwanzo."

"Hii ndiyo iliyokuwa ya mwisho, Bosi."

"Basi andika mwisho mwingine. Wewe si mwandishi?"

Alirudi ofisini, akatoa kabrasha la sehemu ya ishirini na sita. Alifuta ukurasa wa hakimu kwa mstari mmoja mrefu, kalamu ikachana karatasi. Kisha akampigia fundi, akaomba rekodi zote, kuanzia ya kwanza, azisikilize mwenyewe.