Kuusafisha Ukuta wa Johnstone

Johnstone ni dalali wa nyumba, na kama madalali wote ninaowajua hapa Ukunda, haingii mahali akangoja kukaribishwa. Alikivuta kiti wanachokalia wateja wa picha za pasipoti studioni kwangu, akakiweka karibu kabisa na bega langu, akanikabidhi kadi ya kamera. Alitaka picha moja tu ya nyumba isafishwe, na alitaka aondoke nayo. Mnunuzi, mwanamke aitwaye Teresa, anafanya kazi za nyumbani huko Doha. Watu wake wako bara na hana ndugu hapa pwani wa kwenda kumtazamia nyumba. Akiipenda picha, anatuma malipo leo.

Programu ya simu alikuwa ameshaijaribu. Alinionyesha bila haya. Mabango yaliyobandikwa ukutani yalikuwa yamefutika kweli, lakini plasta imekuwa kama uji uliokorogwa na mstari wa juu wa ukuta umepinda. Teresa alikuwa ameuliza kama ukuta unaanguka. Nilicheka. Johnstone hakucheka.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Nyumba iko mtaa wa nyuma ya Kona ya Musa, ukuta wake mrefu umepakana na barabara, na picha imepigwa asubuhi baada ya mvua. Upande wa kushoto mabango ya mikutano ya Injili na ya wanasiasa yamebandikwa moja juu ya jingine. Upande wa kulia, karibu na lango, kuna rangi nyekundu. Aliniambia ni watoto wamechorachora, nitoe vyote.

Nilianza na mabango, maana ndiyo kazi ngumu. Karatasi imeificha plasta, kwa hiyo hakuna cha kufichua. Lazima ujenge upya kwa kuazima vipande vya ukuta ulio wazi. Na huazimi popote tu. Ukuta huu ulikuwa ukienda mbali na kamera, chembe za mchanga zikizidi kuwa ndogo, kwa hiyo kipande cha karibu ukikipachika mbali kinaonekana kama kiraka cha suruali. Jua lilitoka kushoto, basi kila kishimo kilikuwa na kivuli chake kulia, na ukikigeuza kipande tu, vivuli vinakusuta. Nilifanya kazi juu ya tabaka jipya ili picha ya asili isiguswe, nikabadilisha mahali pa kuazima kila mara, doa moja lisije likaonekana mara mbili. Pale chini, plasta ilipobanduka na mawe ya matumbawe kuchungulia, nilikwenda polepole zaidi. Johnstone alikuwa akinihimiza sikioni. Nilimwambia akitaka haraka arudi kwa programu yake ya uji.

Ndipo nikafika kwenye ile nyekundu, nikaikuza.

Watoto hawachori hivyo. Ilikuwa alama ya mkasi, mistari miwili mipana iliyokatana, imechorwa kwa brashi kubwa na mtu mzima asiyekuwa na wasiwasi, na pembeni yake namba. Alama kama ile ilichorwa kule Waa kwenye duka la mjomba wangu. Maana yake ni kwamba ukuta umeingia kwenye ardhi ya barabara na utabomolewa. Kwa mjomba tingatinga lilikuja, likachukua ukuta na vyumba viwili vya mbele.

Nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kwa nini asipake chokaa ukutani kwenyewe, yakaisha.

"Ukutani siwezi kugusa, Hasina. Majirani wataongea," alisema. "Picha haina majirani. Wewe fanya kazi yako tu."

Nilimchukia, na niliogopa pia, kwa sababu Johnstone ndiye anayeniletea nusu ya kazi zangu. Nilifikiria kukataa. Lakini nikikataa atavuka feri ya Likoni, na Mombasa hakukosi fundi asiyejua yaliyompata mjomba wangu. Picha ingetoka safi na Teresa angenunua tinga.

Basi nikaendelea, na mkono ukifanya kazi macho yalikuwa yakitafuta. Rangi ile ilikuwa nyepesi, plasta bado ikionekana chini yake, kwa hiyo sikuhitaji kuijenga upya. Niliinyima wekundu wake, nikailinganisha na ukuta wa jirani, na michirizi mizito tu ndiyo niliyoifunika. Kisha nikaona dimbwi.

Mbele ya lango maji ya mvua yalikuwa yametuama, na ndani yake ukuta ulikuwa umelala kichwa chini, pamoja na alama yake, nyekundu kama ilivyo. Fundi anayeijua kazi huangalia maji na vioo kabla ya kitu kingine. Johnstone hakuwa fundi. Nilisafisha mabango yaliyoonekana majini ili pasiwe na la kumshtua, na alama nikaiacha. Nililikata shauri hilo bila kupumua. Nilijiona mjanja sana.

Niliihamishia picha kwenye simu ya Johnstone, akaitazama nzima. Akaikuza ukutani, akatelezesha kidole juu ya plasta yangu kutoka mwanzo hadi lango. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza nimeifumbata. Kidole kilishuka kidogo kuelekea barabarani, kikasimama juu ya maji, nikamsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuuliza.

"Hapa umepaacha na tope," alisema. "Sawa. Inaonekana ya kweli."

Aliituma palepale. Tukangoja kitambo kirefu, yeye akitikisa mguu, mimi nikimwomba Mungu yule mwanamke awe na macho. Simu ililia. Johnstone akaiweka kwenye spika, nadhani ili nisikie anavyosifiwa.

Teresa alikuwa na furaha hata maneno yalimkwama. Alisema ameitazama mara nyingi, amemwonyesha mwenzake wa chumbani, na ukuta ni mzuri, yule mwenzake hakuamini kwamba ni wa kwake. Alisema amevumilia miaka mingi jikoni kwa watu kwa ajili ya ukuta kama ule. Anaingia benki sasa hivi.

Alama hakuiona. Na angeonaje? Kioo cha simu ni kama kiganja, na macho ya mtu mwenye furaha yako kwenye nyumba, si kwenye matope. Nililitambua hilo nikiwa nimeketi pale, na ujanja wangu wote ukaniaibisha. Nilikuwa nimemwachia mtu aliye jikoni Doha kazi ya kusema neno ambalo mimi, niliye hatua chache kutoka ukuta wenyewe, niliogopa kulisema.

Johnstone alikuwa akimwambia, "Madam, hapo umepata, si nilikushow," na kidole chake kilikuwa kinaelekea kukata simu. Niliinama mpaka uso wangu ukawa juu ya simu.

"Dada Teresa, jina langu Hasina, mimi ndiye niliyeisafisha picha hiyo. Usiingie benki. Ikuze, utazame kwenye maji mbele ya lango. Hiyo alama nyekundu iko ukutani kweli, pichani mimi nimeifuta. Nyumba itabomolewa."

Johnstone aliinyakua simu, lakini kwa pupa yake hakubonyeza mahali pa kukata, na sauti iliendelea kutoka ndani ya ngumi yake. Tulisikia magari ya Doha. Tulisikia mtu akipumua, akiikuza picha. Johnstone hakuthubutu kukata, na mimi sikuthubutu kumtazama.

"Nimeiona," alisema Teresa. Kisha akaanza kulia, si kwa sauti, na mimi nilibaki pale nikamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hilo angalau sikuweza kumfutia.