Saa ya Chakula ya Alhamisi

Karani wa kiwanda cha kushona sare alikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa kuficha. Tangu aje yule mshonaji waliyembandika jina la Chiriku, kwa kucheka kwake kusikoisha, mashine yake haikukosa ubovu. Na fundi wa mashine alikuwa nani? Mume wa karani!

Alhamisi jioni mume alirudi nyumbani na ombi. "Mke wangu, leo usinikate saa ya chakula. Mchana wote nilikuwa chini ya mashine ya Chiriku. Mwenyewe alinishikia taa."

Alinishikia taa! Karani hakupata usingizi.

Ijumaa jioni alikaa kujumlisha saa za wiki. Hesabu yake haikuwa na ujanja: kadi inasema umeingia saa moja na nusu asubuhi, umetoka saa kumi na nusu jioni, hizo ni saa tisa. Toa saa moja ya chakula, maana kampuni hailipii mtu kula, zinabaki nane. Siku tano, arobaini. Aliyefanya kazi saa ya chakula hakatwi siku hiyo.

Kwa mumewe akaandika arobaini na moja. Alipofika kwa Chiriku, roho ikamchoma. Kama alishika taa, naye alikuwa kazini, haki yake ni ileile. Lakini kalamu ilikataa. Akamkata Alhamisi kama siku nyingine, akaandika arobaini, tena kwa raha. Aje alalamike, ampe vidonge vyake!

Chiriku alikuja kusaini, akapitisha kidole kwenye kadi.

"Umeona Alhamisi nimekukata?" karani akamchokoza.

"Si ndiyo inavyotakiwa, dada? Nilikula."

Karani nusura amkumbatie. Kumbe taa ilikuwa maneno tu. "Ulikula wapi?"

"Stoo, nyuma ya majora. Shemeji alininunulia kuku mzima, eti mashine imenitesa." Akacheka, kisha akamtazama karani usoni, na kicheko kikamkauka. "Nilidhani amekwambia."

"Ameniambia," karani alisema. "Saini hapa."

Alipobaki peke yake alivuta kadi ya mumewe. Hesabu ilikuwa sahihi: Alhamisi saa tisa, toa moja, nane. Akafuta arobaini na moja, akaandika arobaini.

Mume akaingia akipiga mluzi. Huyu ni mtu aliyewahi kumgombeza mkewe mbele ya ofisi nzima kwa dakika kumi zilizopungua kwenye kadi. Akasoma jumla. Mluzi ukakatika.

"Nimekukata saa ya chakula ya Alhamisi," karani alisema, akaomba kimoyomoyo abishe. Apige meza, amwite mwizi, amlete msimamizi, chochote.

Mume alichukua kalamu, akasaini, akatoka bila kumwangalia.